Nguzo 134 na rola 8? Hesabu ya uzio wa senyenge

Swali: Nina shamba la mstatili Mkuranga, mita 120 kwa 75. Nataka uzio wa senyenge mistari 5, nguzo kila baada ya mita 3, na geti moja. Nguzo ya futi 7 iliyotiwa dawa nauziwa sh. 12,000, rola ya mita 250 ni sh. 95,000, na fundi anataka sh. 3,000 kwa kila nguzo. Ameniandikia nguzo 134 na rola 8. Ninunue hizo?

Jibu: Usinunue bado, maana nguzo amezihesabu vibaya na rola nane hazitoshi.

Tuanze na nguzo. Upande wa mita 120 una nafasi 40 za mita 3, na ukiutazama peke yake utakuta nguzo 41. Upande wa mita 75 una 26. Fundi amejumlisha pande zote nne hivyo hivyo, ndipo akafika 134. Lakini nguzo ya kona ni ya pande mbili, naye ameihesabu kila upande. Toa kona nne, zinabaki 130. Ungeweza pia kugawa mzunguko mzima, mita 390, kwa 3, ukapata jibu lile lile, kwa sababu uzio unaorudi ulikoanzia una nguzo nyingi sawa na nafasi zake. Kuongeza moja ni kwa uzio ulionyooka tu. Geti likikaa kwenye nafasi mojawapo haliongezi nguzo.

Hata hivyo, ukinunua 130 utakwama, kwa kuwa fundi hakutaja nguzo za kuegemeza. Senyenge ikivutwa, kona ndiyo inayobeba mvuto wote, na isiposhikiliwa itainamia ndani ya shamba na mistari yote italegea. Kila kona inahitaji mbili, moja kwa kila upande, na kila nguzo ya geti inahitaji moja. Hizo ni 10, jumla nguzo 140, yaani sh. 1,680,000.

Sasa waya. Ukitoa mita 3 za geti, mstari mmoja ni mita 387, na mistari mitano ni mita 1,935. Rola nane zina mita 2,000, ndiyo maana fundi ameridhika. Lakini senyenge hukatwa na kufungwa kila kona na kwenye geti. Hivyo kila mstari unakuwa vipande vitano, vyenye ncha kumi, na kila ncha hula karibu mita moja ya kuzungushia nguzo. Hapo mita 50 zimekwenda. Ongeza mita moja kwa kila kiungo kati ya rola na rola, umefika 1,992. Zinabaki mita nane, na rola moja tu ikipungua kidogo, mstari wa mwisho hautafika. Nunua tisa, sh. 855,000, au chukua nane ukiwa umekubaliana na muuzaji bei ya ya tisa.

Ukiwa na mbuzi jirani, fikiria mstari wa sita. Rola tisa zitakuachia zaidi ya mita 250, kwa hiyo mstari huo unahitaji kuongeza rola moja tu, sh. 95,000. Mstari wa chini ukae sentimeta 20 kutoka ardhini, na mingine ipande kwa sentimeta 25. Wa juu utakuwa sentimeta 145, unaofaa nguzo ya futi 7 iliyozikwa sentimeta 60.

Kwenye ufundi, ugomvi hutoka kwenye neno «nguzo». Elewaneni kabla ya shimo la kwanza: je, za kuegemeza zinalipwa, na je, sh. 3,000 ni kuchimba na kusimamisha tu au pamoja na kuvuta waya? Zikihesabiwa zote ni sh. 420,000. Kwa mistari mitano, jumla inafika sh. 2,955,000, bila geti na misumari ya U. Misumari hiyo ni mitano kwa kila nguzo ya mstari, yaani 650, na ya ziada kwa kona. Dukani huuzwa kwa kilo, kwa hiyo omba wapime gramu 100, uihesabu, ndipo ujue kilo ngapi.

Ukitaka kupunguza gharama, waya hautakusaidia. Nafasi ndiyo itakusaidia. Ukiweka nguzo kila mita 4, upande wa 120 una nafasi 30 na wa 75 una 19, ambazo zitakuwa fupi kidogo. Nguzo zinashuka hadi 98, na kwa kuwa kila nguzo ni sh. 15,000 pamoja na ufundi, unaokoa sh. 480,000. Kwa mpaka usiogusana na ng'ombe ningefanya hivyo, nikifunga fito wima katikati ya kila nafasi ili mistari isiachane. Ng'ombe wakipita hapo, baki na 3.

Na fundi akikata nguzo iliyotiwa dawa, upande uliokatwa uwe juu. Dawa haifiki kiini, na mchwa wa Mkuranga wataanzia hapo hapo ukiuzika.