Hoteli bado imeshikilia 30,000 zangu

"Nilitoka hoteli Mombasa wiki iliyopita, bili 18,000 nikalipa na M-Pesa, mbona 30,000 bado haziko kwa kadi?"

Boss hiyo M-Pesa ndiyo ilileta shida. Ulipoingia hawakukukata 30,000, waliomba tu benki izifungie, ndio maana salio la akaunti liko sawa lakini lile la kutumia limepungua. Sasa ungelipa na kadi ileile wangemalizia bili juu ya ule mfungo, wachukue 18,000 na 12,000 ziachiliwe. Wewe ukalipa kando, mfungo ukabaki unaning'inia mpaka wauondoe ama muda wake uishe, na kuna benki hungoja hata mwezi.

Mimi ilinipata na gari ya kukodi, kila nikipigia benki naambiwa ongea na wao. Tafuta ile risiti ya kwanza iliyoandikwa PRE-AUTH, hapo chini kuna APPROVAL CODE, hiyo namba uitume kwa idara ya uhasibu ya hoteli (risepsheni watakuzungusha tu) waondoe mfungo kwa mashine, ikigoma waandikie benki barua yenye hiyo namba. Na usikubali hadithi ya rifandi, hakuna pesa walichukua.