Ramani ya chapa za mtindi Tanga: kona tupu na pengo

"Wakuu, somo la masoko tumepewa kazi ya kuchora ramani ya mitazamo ya wateja, nikachagua chapa za mtindi hapa Tanga. Nimeweka bei na ubora kama mihimili, kona mbili zimebaki tupu. Ndiyo mapengo ya soko yenyewe?"

Hapana mkuu, kona hizo zingebaki tupu hata ungechora sabuni. Mteja mara nyingi hukisia ubora kwa kuangalia bei, ndiyo maana nukta zako zimejipanga mshazari kutoka chini kushoto hadi juu kulia. Hapo una mhimili mmoja ulioandikwa mara mbili.

Sisi tulipopewa kazi ya namna hii tulianzia kwa wanunuzi, Ngamiani na Chumbageni. Mtu anatajiwa chapa tatu, anaulizwa mbili zipi zinafanana na ya tatu inatofautiana nazo kwa lipi. Majibu yakawa uchachu, uzito, na mifuko inayovuja. Usafi kila mtu aliujali, ila chapa zote zilipata alama karibu sawa, kwa hiyo hautenganishi kitu. Tukabaki na uchachu na uzito, alama 1 hadi 7, na mtu anapima chapa aliyowahi kuinywa tu.

Chapa A ikapata uchachu 6.1 na uzito 5.2. B ilikuwa chachu lakini nyepesi: 5.8 na 2.4. C na D zikabanana kwenye upole na uzito, C 2.6 na 5.6, D 2.9 na 5.1. E ikakaa katikati, 4.0 na 3.8. Kona ya mtindi mpole na mwepesi ikabaki wazi.

Kabla ya kuishangilia kona hiyo, itazame E. Tulipofungua alama zake moja moja, karibu hakuna aliyeipa 4 kwa uchachu. Wengine waliipa 2, wengine 6. Waliosema 6 walikuwa wakinunua kwenye maduka yasiyo na friji, na kwa joto la Tanga mtindi unaendelea kuchachuka ndani ya mfuko. Nukta ile ya katikati haikuwa mtazamo wa mteja yeyote. Angalia mtawanyiko wa alama kabla hujaamini wastani.

Kuhusu kona tupu, waulize watu haohao mtindi wanaoutaka wao ungepata alama ngapi, kisha uchore nukta hizo juu ya ramani ileile. Kwetu wengi waliangukia karibu na A. Kwenye kona tupu walikuja wachache, karibu wote akina mama wanaowafungia watoto cha kunywa shuleni. Wateja wapo, ila wanataka mfuko mdogo, na mtindi wao ukilala dukani bila friji utachachuka uhamie kwa B. Kama huna namna ya kuufikisha ukiwa baridi, kona hiyo si yako.

Bei iandike pembeni ya kila nukta, usiipe mhimili.