Haizidi, au ni ndogo kuliko?

*Mwalimu, natafsiri kanuni ya Cauchy na Schwarz: (∫fg)² ≤ ∫f² · ∫g². Niandike upande wa kushoto “ni mdogo kuliko” wa kulia, au “hauzidi”? Mwenzangu anasema ni mamoja.*

Si mamoja hata kidogo. Andika “hauzidi”. Kitenzi -zidi tumekitoa katika Kiarabu, na kikikanushwa kinabeba alama nzima ya ≤: kupungua kumo, kulingana kumo. “Ni mdogo kuliko” inafukuza kulingana, na hapo kanuni inakuwa ya uongo.

Pima mwenyewe, kuanzia 0 hadi 1. Chukua f = x na g = 1. Intigrali ya zao lao ni 1/2, na kipeo chake cha pili ni 1/4. Kulia, intigrali ya x² ni 1/3 na ya 1 ni 1, kwa hiyo zao ni 1/3. Robo ni ndogo kuliko theluthi, na mwenzako atashangilia. Sasa badilisha g iwe 2x. Intigrali ya 2x² ni 2/3, kipeo cha pili 4/9. Kulia ni 1/3 mara 4/3, yaani 4/9. Pande zimelingana! Ndivyo inavyokuwa kila mara fanksheni moja ikiwa ni nyingine iliyozidishwa kwa namba isiyobadilika, na kwa fanksheni endelevu hakuna njia nyingine ya kulingana, isipokuwa mojawapo iwe sifuri tupu. Mfasiri anayeandika “ni mdogo kuliko” amefuta sehemu ambayo mwanahisabati huitafuta kwa hamu kuliko zote.

Kosa hilo hilo huingia hadi katika uthibitisho, na hapo ndipo linaponichoma. Tunaanza na ∫(f − tg)², ambayo kwa t yoyote “si hasi”. Vitabu huandika “ni chanya”. Kwa mfano wetu weka t = 1/2: f − tg ni x − x, na intigrali ni sifuri. Sifuri si chanya! Ukifungua mabano unapata A − 2tB + t²C, ambapo A ni ∫f², B ni ∫fg na C ni ∫g². Kwa kuwa usemi huo haushuki chini ya sifuri kwa t yoyote, 4B² − 4AC, ile inayokaa chini ya alama ya kipeuo tunapotafuta t ya kuufanya usemi uwe sifuri, haizidi sifuri, yaani B² haizidi AC. “Si hasi” ya mwanzo ndiyo inayozaa “haizidi” ya mwisho.

“Mdogo kuliko au sawa na” naivumilia, ingawa ni ndefu. “Mdogo au sawa kuliko”, ambayo nakutana nayo kila mara, siivumilii: sawa hufuatwa na “na”, haijapata kufuatwa na “kuliko”.