Michoro ya kenchi ikichelewa: barua ya kuomba nyongeza ya muda

Barua nyingi za wakandarasi nilizopitia husema hivi: "Michoro ilichelewa siku 26, tunaomba siku 26." Mhandisi mshauri akisoma hapo anauliza swali moja tu: kuchelewa huko kulisogezaje tarehe ya kukabidhi jengo? Kama barua haina jibu, ombi linakwama.

Chukua mfano wa bwalo la shule lenye kenchi za chuma. Kwa mujibu wa programu ya kazi iliyokubaliwa, michoro ya maungio ya kenchi ilitakiwa kutolewa tarehe 3 Machi. Ikatoka tarehe 29. Bila michoro hiyo karakana haiwezi kukata chuma, kwa sababu haijui unene wa bamba wala matundu ya bolti yakae wapi. Hicho ndicho chanzo, na aya ya barua inaweza kukaa hivi:

"Karakana ilipangwa kuanza tarehe 4 Machi na kumaliza ndani ya siku 21. Kwa kukosa michoro ilianza tarehe 30 Machi na kumaliza tarehe 19 Aprili. Kupandisha kenchi, kulikopangwa tarehe 31 Machi, kukaanza tarehe 20 Aprili. Mabati, nyaya za umeme, dari na rangi vyote husubiri kenchi, hivyo tarehe ya kukamilisha imesogea siku 20."

Mbona 20 na si 26? Programu ilikuwa na siku 6 za akiba kati ya karakana kumaliza na kenchi kupandishwa, na akiba hiyo ilimeza sehemu ya ucheleweshaji. Zitoe mwenyewe. Mhandisi atazikuta tu, na akishakukuta umezificha, hata zile 20 za haki ataanza kuzitilia shaka.

Jiandae pia kwa hoja kwamba usingekuwa tayari hata michoro ingekuja mapema. Hapa hati ya kupokelea mzigo ina thamani kuliko aya tatu za maelezo: ikionyesha chuma kilifika karakana tarehe 1 Machi, hoja hiyo imekwisha. Kama chuma chako nacho kilichelewa, siku hizo ni zako. Plasta ya nje iliyoendelea wakati huo itaje wazi, ueleze kwamba siyo iliyoshikilia tarehe ya mwisho.

Taarifa ya awali usiichanganye na barua hii. Kwa mkataba wa FIDIC wa kitabu chekundu cha 1999, kifungu 1.9 kinataka umwarifu mhandisi mara unapoona kazi itachelewa kwa kukosa mchoro: ni mchoro upi, kwa nini, na unahitajika lini. Kifungu 20.1 kinakupa siku 28 za kutoa taarifa ya dai tangu ulipojua, au ulipopaswa kujua, tukio hilo. Zikipita, nyongeza huipati. Maelezo kamili yana siku 42, nazo zinahesabiwa kuanzia siku ileile ya kujua, wala si tangu ulipotuma taarifa.