Deni la Mwajiri Ni la Mwisho Kwenye Foleni: Mkopo, Advansi na Mshahara wa Hoteli Malindi

Kila Desemba, hoteli zikiwa zimejaa wageni, wafanyakazi hupanga foleni kwa mhasibu kuomba mkopo wa karo ya Januari. Wakati huo hakuna anayefikiria Mei. Pesa zinaingia, na mkopaji anataka deni liishe upesi. "Kaka, nikatie tu nyingi nyingi, nimalizane nalo," ndiyo kauli tunayoisikia sisi tunaotayarisha mishahara. Mhasibu anaandika kiwango kimoja cha kila mwezi, wanatia sahihi, na shida inakuwa imepandwa hapo hapo. Itaota masika yakianza.

Kwanza sheria, kwa sababu wengi wanaijua nusu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, ina mipaka miwili inayofanya kazi pamoja. Mpaka unaojulikana ni ule wa theluthi: makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara, yaani mfanyakazi asiondoke na chini ya theluthi moja. Mpaka wa pili unahusu mkopo ambao mwajiri mwenyewe amemkopesha mfanyakazi. Huo ni lazima uwe na makubaliano ya maandishi, na makato yake yasizidi nusu ya mshahara unaobaki baada ya makato mengine yote kutolewa.

Yashike maneno hayo, "baada ya makato mengine yote". Maana yake ni kwamba kodi, NSSF, bima ya afya, amri ya mahakama na mchango wa Sako vinatangulia. Mwajiri anasubiri nyuma, halafu anachukua si zaidi ya nusu ya kilichobaki. Waajiri wengi hufanya kinyume. Wao ndio wenye pesa na kompyuta, basi hujilipa kwanza, na Sako ikikosa chake mfanyakazi ndiye anayepigiwa simu na wadhamini wake.

Tuchukue mhudumu wa vyumba anayelipwa shilingi 30,000 kwa mwezi, pesa moja isiyo na marupurupu, kwa viwango vya mwaka 2025. NSSF ni asilimia 6, yaani 1,800. Bima ya afya ya SHIF ni asilimia 2.75, yaani 825. Tozo ya nyumba ni asilimia 1.5, yaani 450. Hizo tatu huondolewa kabla ya kukokotoa kodi, kwa hiyo kinachotozwa kodi ni 26,925. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, zilizobaki asilimia 25, kisha nafuu ya 2,400 inatolewa. Kodi inakuwa 731 na senti kidogo. Jumla ya makato ya lazima ni 3,806, na kinachobaki ni 26,194.

Mhudumu huyu ana mkopo wa Sako aliouombea kwa maandishi ukatwe kwenye mshahara, shilingi 6,500 kila mwezi. Sasa amebakiwa na 19,694. Nusu yake ni 9,847, na mhasibu mwenye haraka ataishia hapo aseme huo ndio upeo wa mwajiri. Sivyo. Jaribu mpaka wa kwanza: theluthi mbili za 30,000 ni 20,000. Makato ya lazima na Sako yameshakula 10,306. Nafasi iliyobaki ni 9,694 tu. Ile 9,847 ingemwacha na chini ya shilingi 10,000 mkononi. Kwa hiyo kila mara fanya hesabu zote mbili na uchukue ile ndogo. Tofauti hapa ni shilingi mia na hamsini hivi, lakini ukishuka mshahara tofauti hiyo inakuwa kubwa, kama tutakavyoona.

Tuseme amekopa kwa mwajiri shilingi 45,000, na wamekubaliana alipe 9,000 kwa miezi mitano, Januari hadi Mei. Januari anapokea 10,694. Kisheria amepita. Februari na Machi vivyo hivyo, kwa kujibana.

Kisha mvua zinaingia. Wageni wameondoka, hoteli imefunga vyumba vya upande mmoja, na wafanyakazi wamekubaliana na meneja wafanye kazi nusu ya siku za mwezi kwa nusu ya mshahara. Mei huyu mhudumu anastahili 15,000. Makato ya lazima yanapungua yenyewe kwa sababu ni asilimia: NSSF 900, SHIF karibu 413, tozo ya nyumba 225, kodi hakuna kwa kuwa nafuu inaimeza yote. Jumla 1,538. Anabaki na 13,462. Lakini Sako haijapungua, ni 6,500 ile ile. Wala mkopo wa hoteli, ni 9,000 ile ile, kwa sababu programu ya mishahara ilijazwa kiwango kimoja Desemba na hujirudia yenyewe. Jumlisha 6,500 na 9,000 utoe kwenye 13,462: mshahara umeingia chini ya sifuri kwa shilingi 2,038.

Hapo ndipo tunapoona vituko. Wengine humlipa mtu sifuri na kumwandikia deni la 2,038 kwenye mwezi ujao. Wengine huacha kupeleka pesa ya Sako kimya kimya, ilhali pesilipu inaonyesha imekatwa. Hilo la pili ni baya zaidi, na ni kosa la jinai: pesa iliyokatwa kwa ajili ya mtu mwingine lazima ipelekwe kwa wakati. Dalili yake ni rahisi kuiona. Omba taarifa ya akaunti yako ya Sako, iweke kando ya pesilipu, na ulinganishe mwezi kwa mwezi. Pengo la mwezi mmoja laweza kuwa ni kuchelewa kwa benki. Miezi miwili mfululizo, uliza kwa maandishi.

Hesabu sahihi ya Mei ni hii. Mipaka hupimwa kwa mshahara unaostahili mwezi huo, wala si ule wa siku ulipokopa. Baada ya makato ya lazima na Sako amebakiwa na 6,962; nusu yake ni 3,481. Lakini theluthi mbili za 15,000 ni 10,000, na 8,038 zimeshatoka. Nafasi ya mwajiri ni 1,962 peke yake. Mhudumu anapokea 5,000, na salio la mkopo linasogezwa mbele. Deni halifutiki, sheria haimnyang'anyi mwajiri haki yake ya kudai. Inamwambia tu asubiri.

Na hapa tuseme wazi tunavyoona sisi. Upeo wa sheria ni ukuta, haukuwekwa uwe shabaha. Mtu mwenye kodi ya nyumba ya 5,000 na watoto watatu wa kulisha hawezi kuishi kwa 10,694 miezi mitano mfululizo. Kufikia tarehe 12 atakuwa amerudi kuomba advansi. Advansi hiyo inakatwa yote mwisho wa mwezi, mshahara unazidi kupungua, na tarehe 10 ya mwezi unaofuata yupo tena mlangoni. Ukiona mfanyakazi amechukua advansi miezi mitatu mfululizo, usimsome kuwa ni mbadhirifu. Angalia kiwango cha mkopo wake kwanza. Mara nyingi ndicho kinachomkamua.

Kwa mhudumu wetu tungepanga hivi: 6,000 kila mwezi Januari hadi Machi, 1,500 Aprili hadi Juni, 6,000 tena Julai hadi Septemba wageni wakisharudi, na 4,500 za mwisho Oktoba. Jumla ni 45,000 kamili. Miezi ya wageni anabaki na 13,694, na miezi ya mvua, hata kwa nusu mshahara, anabaki na 5,462. Ni kidogo, lakini unga na maharagwe vinapatikana bila advansi. Mwajiri amengoja miezi mitano zaidi, na amelipwa yote bila kugombana na mtu.

Advansi nayo ina mtego wake. Kwa kuwa ni sehemu ya mshahara iliyotangulia kulipwa, baadhi ya wahasibu huiandika nje ya makato, kama pesa iliyokwisha kupokewa, kisha wanapima theluthi kwa kilichobaki kwenye orodha. Kwa karatasi mtu anaonekana amepita, kwa mfuko amebaki na nauli ya tuktuk. Ihesabu pamoja na makato mengine. Ikiwa advansi ya 8,000 itamshusha chini ya theluthi, igawe miezi miwili au mitatu kabla hujaitoa, na uandike hivyo. Kuigawa baada ya mwezi kuharibika huwa ni kubembelezana.

Makubaliano yenyewe hayahitaji lugha ya wakili. Nusu ukurasa unatosha: kiasi kilichokopwa, tarehe, riba kama ipo, jedwali la miezi, na salio baada ya kila kato. Halafu sentensi hii, ambayo tunaomba isikosekane:

"Mwezi wowote ambao mshahara utapungua, kato la mkopo huu litahesabiwa upya baada ya makato ya kisheria na ya Sako, lisizidi nusu ya kinachobaki, na makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara wa mwezi huo. Salio litasogezwa mwezi unaofuata bila adhabu."

Ongeza mstari mmoja wa kusema salio litalipwaje iwapo kazi itakwisha kabla ya deni, maana mzozo mkubwa huzuka siku ya kufunga hesabu. Sahihi mbili, nakala mbili, moja ya mfanyakazi. Usitie sahihi karatasi ambayo sehemu ya kiasi cha mwezi imeachwa wazi "itajazwa baadaye".

Kwa watumishi wa serikali, theluthi hupimwa kwa mshahara wa msingi, bila marupurupu. Ukiwa mwalimu au muuguzi, anza na msingi ulioandikwa kwenye pesilipu yako.

Mwajiri akikata kupita mpaka, mwandikie barua fupi ukiweka hesabu yako ya mwezi huo na nakala ya pesilipu, ambayo sheria inamtaka akupe ikionyesha kila kato na sababu yake. Wengi hurekebisha wakiona tarakimu zimepangwa vizuri. Asiporekebisha, peleka barua hiyo na makubaliano ya mkopo kwa afisa wa kazi. Na likifika mbali, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi hukaa hapa hapa Malindi. Nenda na pesilipu za miezi yote ya mkopo, kuanzia kato la kwanza, kwa sababu bila hizo hakuna wa kuthibitisha salio lako ni shilingi ngapi.