Chausiku hakutumwa na mtu

*Swali la wiki: "Kwa nini paka huleta panya au ndege waliokufa mlangoni kwa mwenye nyumba?"*

Mimi ningeanza na kwa nini hawali. Hapo ndipo jirani yangu, mama mzee wa hapa Lanet, aliponibana. "Mwanangu," aliniambia, "paka mwenye njaa hula. Huyu wako anaua na kuacha mlangoni. Huyo ametumwa." Ilikuwa baada ya kuvuna mahindi, na asubuhi hiyo nilikuwa nimekuta watatu wamepangana mlango wa jikoni, bila tone la damu. Maneno yake yaliniingia. Nilitafuta gunia nimtie paka wangu Chausiku ndani, nikamwache mbali na nyumbani.

Kabla ya kufanya hivyo niliwageuza wale watatu kwa kijiti. Pua zao zilikuwa ndefu na zimechongoka, macho madogo kama ufuta, na harufu yao ilinikaa puani hadi saa nne. Hawakuwa panya hata kidogo, walikuwa kirukanjia. Kirukanjia ana tezi ubavuni zinazotoa harufu hiyo, na paka wengi humwua kisha wakamwacha. Nilipopuliza manyoya ya kisogo cha mmoja nikaona vitundu viwili, kila kimoja kama ncha ya sindano. Hapo ndipo meno ya chonge huingia, kati ya pingili za shingo, na uti wa mgongo ukakatika. Ndiyo maana mizoga ilionekana haina jeraha. Gunia nikalirudisha ghalani.

Lakini mbona aue asichokula? Jibu lilinijia jioni moja Chausiku akila omena. Panya alikwaruza nyuma ya magunia. Aliiacha sahani, akaruka, akaua, akarudi na panya mdomoni, akamweka kando ya sahani na kuendelea na omena zake. Kwa paka, hamu ya kuwinda na njaa ni vitu viwili. Njaa huongeza hamu hiyo, lakini shibe haiizimi. Mzee wake wa asili, paka-mwitu wa Afrika, huishi kwa windo dogo dogo, anahitaji kadhaa kwa siku, na mara nyingi hukosa. Angengoja tumbo lilie ndipo aanze kuvizia, angechelewa.

Na mlangoni je? Windo hubebwa hadi mahali paka anapojisikia salama, mbali na mbwa na paka wengine. Akifika hapo akakuta omena, panya hana tena maana. Tena hatuoni yote. Huko Athens, jimbo la Georgia, Marekani, watafiti waliwafunga paka 55 kamera shingoni, na mwaka 2013 wakaeleza kwamba ni karibu robo tu ya mawindo iliyofikishwa nyumbani. Karibu nusu iliachwa palepale ilipouawa.

Wengi husema ni zawadi, au paka anatufundisha kuwinda. Msingi upo. Chausiku alipozaa ghalani, watoto walipokaribia mwezi mmoja alianza kuwaletea panya waliokufa, baadaye akawaletea wazima, akiita kwa sauti asiyoitumia kwingine. Ila mwanawe dume, aliyehasiwa na asiye na mtoto wa kufundisha, naye huleta. Basi nilikaa kuandika kwamba mizoga ile haituhusu sisi kabisa.

Sasa sina uhakika huo wote. Ghala ni salama kuliko mlango wa jikoni, na bado huja jikoni, ninapokaa mimi. Nilipokwenda kwetu Kakamega majuma mawili, mume wangu hakukuta hata mmoja mlangoni. Huenda ni kwa sababu yeye hufungua mlango jua likishapanda, na kunguru wamekwisha kupita. Lakini nadhani mahali salama pa Chausiku panahesabu na mtu aliye hapo. Zawadi sitaiita.

Anayetaka ipungue ampe chakula chenye nyama zaidi na acheze naye dakika tano hadi kumi kila siku. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter wa mwaka 2021 ulipata chakula cha nyama kikipunguza mawindo yaletwayo kwa asilimia 36 na mchezo kwa 25. Kengele ya shingoni haikusaidia kitu.

Mimi nimemwacha alete. Nashika mzoga kwa mfuko wa plastiki na kupuliza kisogo. Nikiona vitundu viwili, nazika chini ya mgomba. Nikivikosa, na pua ya panya ina damu, nauliza majirani nani ametega sumu, kisha natazama fizi za Chausiku kila asubuhi kwa wiki nzima, maana sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda na huchukua siku kadhaa kujionyesha. Fizi zikianza kuwa nyeupe, ni kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.