Dakika kumi za mwanzo ni za kuvumilia

Swali la wiki: "Ukielemewa na msongo wa mawazo, kukaa kwenye miti, kando ya maji au chini ya anga wazi kunakutuliza kweli? Unakaa kwa muda gani?"

Kunanituliza, ila si pale tu ninapofika. Wanaoniambia "nilijaribu, sikuona kitu" huwa nawauliza walikaa kwa muda gani, na jibu karibu siku zote ni dakika tano au saba, tena na simu mkononi. Hapo mwili haujapewa nafasi.

Ukigombezwa au ukipata habari mbaya, tezi zilizo juu ya figo humwaga kortisoli, homoni ya msongo, kwenye damu. Mapigo ya moyo yanaweza kushuka ndani ya dakika chache, lakini kortisoli iliyokwisha kumwagwa hupungua polepole, na ukirudia ugomvi kichwani unaweza kuamsha nyingine. Kwa hiyo kinachotakiwa ni muda, na ndani ya muda huo kitu kitakachoshika macho na masikio yako bila kuyachosha. Majani yanayotikisika, viwimbi vya maji, wingu linalobadilika umbo: unavitazama bila kujilazimisha, na havikudai jibu. Ujumbe kwenye simu unadai.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, wakiongozwa na MaryCarol Hunter, walichapisha jaribio la watu 36 wa mjini. Kwa wiki nane walitakiwa kutoka angalau mara tatu kwa wiki, dakika kumi au zaidi, wakae au watembee popote walipojihisi wako karibu na maumbile. Masharti yalikuwa haya: wasifanye mazoezi ya kutoa jasho, wasitumie mitandao, wasipige simu wala soga, wasisome. Baadhi ya siku walipimwa kortisoli kwenye mate, kabla na baada. Kwa kuwa homoni hiyo hupanda asubuhi na kushuka yenyewe kadiri siku inavyokwenda, watafiti waliondoa kwanza mshuko huo wa kawaida kwenye hesabu. Nafuu ilikuja kwa kasi kubwa zaidi kwa waliokaa kati ya dakika 20 na 30. Baada ya hapo iliendelea, ila kwa mwendo wa pole. Watu 36 ni wachache, nakubali, lakini masharti yale ndiyo ninayoyafuata, kwa sababu yanaonyesha mahali ambapo wengi wetu tunaharibu.

Chukua mtu aliyekaripiwa mbele ya wenzake kikaoni. Anatoka, anakaa chini ya mti unaotazama maji. Dakika za mwanzo yuko bado kikaoni: anatunga jibu ambalo angelitoa, taya zimekaza, pumzi inaishia kifuani. Anaona anapoteza wakati, na ni hapa wengi huinuka. Akikaa, jibu lile litarudi, lakini katikati yake atakuta amemfuatilia ndege aliyetua ukingoni. Kisha litarudi tena, fupi zaidi. Kuelekea dakika ya ishirini mabega yameshuka, na mara nyingi huja ile pumzi ndefu ambayo hakuipanga. Hiyo ndiyo dalili ninayoiamini mimi. Kama hata baada ya nusu saa sentensi ni ileile na taya ni zilezile, basi siku hiyo kukaa hakumfai, atembee taratibu.

Kutembea nako kumepimwa. Mwaka 2015 mtafiti Gregory Bratman na wenzake waliwagawa watu katika makundi mawili, wengine wakatembea dakika 90 kwenye nyasi na miti, wengine kando ya barabara yenye magari mengi. Wa kwanza walipunguza ile tabia ya kutafuna jambo baya lilelile kichwani; wa barabarani hawakubadilika.

Mahali pakikutia hofu, pa kimya kupita kiasi au penye watu usiowaamini, usitegemee kutulia hata pakiwa pazuri namna gani, maana masikio yatakuwa kazini muda wote. Bora mti mmoja mahali pa wazi kuliko msitu unaokufanya ugeuke nyuma kila mara. Rafiki pia anaweza kuharibu, hasa yule atakayetaka umsimulie kikao chote upya (wangu nawapenda, ila huwaacha nyumbani).

Aliyekugombeza bado yupo kazini kesho. Unachopata ni kichwa kinachoweza kuamua umjibu nini. Na mtu ambaye kwa wiki mbili au zaidi hana hamu ya chochote, halali vizuri, au anawaza kujidhuru, asipangiwe matembezi: huyo apelekwe kwa daktari, na akiwaza kujidhuru apelekwe leo.